Vidonge vya kolesteroli baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: hatua kwa hatua, kuanzia kabla ya kisu hadi mwaka wa pili

Mwalimu alifika kwenye dirisha letu la dawa miezi 15 baada ya upasuaji wake. Alikuwa amepungua kilo 40, hata mlinzi wa getini hakumtambua. Alifuata vitamini zake tu. Nilipomuuliza mbona haichukui tena atovastatini, kidonge chake cha kolesteroli cha kundi la statini, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwanangu, si nimeshakatwa tumbo? Mafuta yamekwisha, vidonge vya nini tena?"

Alikuwa ameviacha miezi mitatu iliyopita, na hakuna mtu aliyemwambia aviache. Mizani ilimwambia amepona, naye akaiamini. Ni kosa ninalolikuta mara kwa mara, na ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Nitamfuata Mwalimu tangu kabla ya upasuaji, maana vipimo vyake vinaonyesha wazi kazi iliyofanywa na kisu na kazi iliyofanywa na kidonge. Nimebadilisha mambo madogo madogo asitambulike.

Hatua ya kwanza: jua ulifanyiwa upasuaji gani

Watu husema "nilikatwa tumbo" kana kwamba ni jambo moja. Kwa mafuta ya kwenye damu, aina ya upasuaji ni jambo kubwa, kwa hiyo omba iandikwe kwenye karatasi yako ya kuruhusiwa kutoka hospitali.

Wa kwanza ni slivu. Daktari hukata na kuondoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, na unaobaki huwa mrefu na mwembamba kama mrija. Utumbo hauguswi. Chakula, na kidonge pia, hupita njia ile ile ya zamani.

Wa pili ni baipasi. Hapa hutengenezwa kifuko kidogo juu ya mfuko wa chakula, cha kuingia kama vijiko viwili vya mezani, kisha kinaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba kwa chini. Sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na mwanzo wa utumbo vinarukwa. Chakula hushuka peke yake upande mmoja, nyongo na maji ya kongosho hushuka upande mwingine, na hukutana chini zaidi.

Trigliseridi, aina mojawapo ya mafuta ya kwenye damu, hushuka kwa aina zote mbili, na hushuka mapema, mara nyingi ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Sababu ni kwamba ini huzitengeneza kutokana na sukari na mafuta yanayozidi. Mtu anayekula kidogo sana, huku insulini yake ikianza kufanya kazi vizuri, analinyima ini malighafi. HDL, ile tunayoiita kolesteroli nzuri, inaweza hata kushuka kidogo miezi ya mwanzo na kupanda baadaye, kwa hiyo usihuzunike ukiikuta chini mwezi wa tatu.

Tofauti iko kwenye LDL, ile inayoziba mishipa. Baada ya baipasi LDL hushuka kwa wengi, kwa sababu utumbo hufyonza kolesteroli kidogo kuliko zamani. Baada ya slivu LDL mara nyingi hubaki pale pale au husogea kidogo tu. Nimeona watu wawili waliopungua kilo sawasawa, mmoja LDL imeshuka kwa robo, mwingine haikutikisika, na yule wa pili akajilaumu kwamba amekula vibaya. Hakula vibaya. Alifanyiwa slivu.

Puto linalowekwa tumboni kwa muda na kutolewa baadaye tusilihesabu humu. Hushusha uzito kidogo kuliko upasuaji, na mafuta ya damu hufuata uzito, kupanda na kushuka.

Kuna historia hapa ambayo naipenda, kwa kuwa inaonyesha kwamba utumbo na kolesteroli ni ndugu wa karibu. Kabla ya dawa za statini kuwapo, daktari Henry Buchwald wa Minnesota, Marekani, alikuwa akiwapasua watu kwa ajili ya kolesteroli yenyewe, si kwa ajili ya uzito. Aliruka sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, pale ambapo asidi za nyongo hufyonzwa zirudi kwenye ini. Asidi hizo zikipotea chooni, ini hulazimika kutengeneza nyingine, na malighafi yake ni kolesteroli inayochotwa kwenye damu. Utafiti wake, POSCH, ulihusisha watu 838 waliowahi kupata shambulio la moyo. Matokeo yalipotoka mwaka 1990, LDL ya waliopasuliwa ilikuwa chini kwa asilimia 38 kuliko ya wenzao, na vifo vya moyo pamoja na mashambulio mapya vilikuwa vimepungua kwa asilimia 35. Upasuaji ule si huu wa leo, na statini ziliuondoa sokoni. Lakini ndio uliothibitisha kwamba kuhamisha njia ya utumbo kunaweza kushusha LDL na kuokoa moyo.

Hatua ya pili: tafuta namba zako za zamani kabla hazijapotea

Kabla ya upasuaji, tafuta vipimo viwili. Kimoja ni cha siku ulizokuwa hujaanza dawa yoyote ya kolesteroli, hata kama ni cha miaka mingi nyuma. Cha pili kipimwe ndani ya miezi michache kabla ya upasuaji, ukiwa unameza dawa zako. Bila hivyo viwili, baadaye hutajua kama kushuka kwa LDL ni kazi ya kisu au ya kidonge.

Mwalimu, aliyekuwa akisubiri baipasi, alikuwa na umri wa miaka 47, uzito kilo 124, urefu mita 1.62. Alikuwa na kisukari na presha, ila hajawahi kupata shambulio la moyo wala kiharusi. Kwenye daftari lake la kliniki lililochakaa tulikuta LDL ya zamani, kabla ya dawa: 4.1. Kabla ya upasuaji, akiwa anameza atovastatini miligramu 20 na fenofibrati, dawa ya kushusha trigliseridi, miligramu 160, majibu yalikuwa kolesteroli yote 5.2, HDL 0.9, trigliseridi 3.3. Maabara haikuandika LDL. Hilo ni la kawaida, na unaweza kuikokotoa mwenyewe kama vipimo viko kwa milimoli kwa lita:

```
LDL = TC - HDL - (TG / 2.2)
LDL = 5.2 - 0.9 - (3.3 / 2.2) = 2.8
```

TC ni kolesteroli yote, TG ni trigliseridi. Hesabu hii haifai trigliseridi zikizidi 4.5. Hapo omba LDL ipimwe moja kwa moja. Kama karatasi yako imeandikwa kwa miligramu kwa desilita, gawanya kolesteroli kwa 38.7 na trigliseridi kwa 88.6 kwanza, ndipo ukokotoe.

Weka karatasi zote kwenye bahasha moja, au zipige picha. Anayekupasua, anayekutibu kisukari na anayekupa dawa mara nyingi ni watu watatu wasiokutana, na bahasha yako ndiyo itakayowakutanisha.

Hatua ya tatu: siku za upasuaji na wiki za mwanzo

Usiache statini kwa sababu tu unaingia kwenye chumba cha upasuaji. Kwa kawaida humezwa mpaka siku yenyewe na kuendelea mara mtu anapoweza kunywa, isipokuwa daktari wako aseme vingine. Wenye historia ya shambulio la moyo ndio wanaopata madhara zaidi wakikatisha ghafla.

Fenofibrati ni jambo jingine. Aina nyingi za dawa hii huhitaji chakula chenye mafuta ili zifyonzwe, na wewe wiki hizo unakunywa supu na uji mwepesi. Zaidi ya hapo, hukolesha nyongo kolesteroli, wakati ambao kupungua haraka peke yake kunatengeneza mawe kwenye mfuko wa nyongo. Trigliseridi zako nazo ziko njiani kushuka. Kwa Mwalimu timu iliisimamisha siku ya upasuaji, na haikurudi tena. Kwa mtu ambaye trigliseridi zake zimewahi kupita 10, zile zinazoweza kuchoma kongosho, uamuzi huo haufanywi hivi hivi. Huyo apimwe mapema na azungumze na daktari wake kwanza.

Kwa habari hiyo hiyo ya nyongo, wengi hupewa asidi ya ursodioksikoliki kwa miezi 6 ili kuzuia mawe. Si dawa ya kolesteroli ya damu, ingawa nimewahi kuona mtu aliyeiacha kwa kuwa "kolesteroli imeshuka". Maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya kula, yanayofika mgongoni au begani, ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kisha angalia boksi la dawa. Herufi kama XL, SR au ER baada ya jina la dawa zina maana kwamba kidonge kimetengenezwa kiyeyuke polepole kwa saa nyingi kikisafiri kwenye utumbo mrefu. Utumbo wako baada ya baipasi umefupishwa, na kidonge cha namna hiyo kinaweza kupita na dawa yake ndani. Fluvastatini ya XL na niasini ya kuyeyuka polepole ziko kwenye kundi hili. Omba ubadilishiwe ya kawaida. Wala usizitwange, kwa kuwa zikitwangwa dawa ya kutwa nzima hutoka kwa mara moja.

Atovastatini na rosuvastatini za kawaida ni ndogo. Wiki za mwanzo, kama bado huwezi kumeza vidonge, mfamasia anaweza kukuonyesha namna ya kuzitwanga na kuzinywa hapo hapo na maji kidogo. Baada ya wiki chache wengi humeza kizima bila shida.

Ukitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza na ukakiona kidonge, siku hiyo hesabu hukumeza. Ila usiongeze kingine kila unapotapika. Siku moja ya statini haina uzito wa kukuharibia, na mtu anayetapika kila siku ana tatizo la kwenda kuangaliwa na daktari, si la kuongeza vidonge.

Hatua ya nne: miezi mitatu ya mwanzo, sikiliza misuli

Hapa ndipo watu wengi, hata wahudumu, hukosea. Tunadhani utumbo ukifupishwa, dawa itaingia kidogo. Kwa atovastatini inaweza kuwa kinyume.

Ukuta wa mwanzo wa utumbo mwembamba umejaa kimeng'enya kinachoitwa CYP3A4. Kazi yake ni kama ya mlinzi getini: sehemu kubwa ya atovastatini huvunjwa hapo kabla ya kufika kwenye damu. Baipasi inaruka geti hilo. Kwa hiyo baadhi ya watu hupata dawa nyingi zaidi kwa kidonge kile kile, na wengine, ambao kikwazo chao kikubwa kilikuwa kufyonza, hupata kidogo zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Norwei walipima atovastatini kwenye damu ya wagonjwa 12 kabla ya baipasi na wiki chache baadaye. Kuna ambao kiwango kilipanda mara mbili, na kuna ambao kilishuka hadi theluthi. Walipowapima tena baada ya miaka kadhaa, kwa wengi kilikuwa kimeshuka tena kuliko zile wiki za mwanzo, kwa kuwa ini lililopungua mafuta huivunja dawa kwa nguvu zaidi.

Maana yake kwako ni hii: wiki za mwanzo wasiwasi ni dawa kuzidi, na miaka ya baadaye wasiwasi ni dawa kupungua. Dozi ile ile si lazima iwe dozi ile ile.

Dawa ikizidi, inasema kupitia misuli. Maumivu ya mapaja na mabega, pande zote mbili, ugumu wa kuinuka kwenye kiti au kupanda ngazi. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kokakola ni dharura: acha statini na nenda hospitali siku hiyo.

Mwalimu alianza kulalamika wiki ya tano. Alisema mapaja yanauma kama ya mtu aliyelima siku nzima. Daktari wake hakukimbilia kulaumu dawa. Aliagiza kipimo cha misuli, CK, kikarudi karibu mara mbili ya kawaida, yaani juu lakini si ya kutisha. Aliagiza pia tezi ya shingo, ikawa salama, na vitamini D, ikawa chini sana. Upungufu wa vitamini D peke yake huumiza misuli, na ni wa kawaida kabla na baada ya upasuaji huu. Alisimamisha atovastatini wiki mbili, akamjazia vitamini D, kisha akaanza upya kwa miligramu 10. Maumivu hayakurudi. Hatuna namna ya kusema kwa uhakika kama mkosaji alikuwa dawa au vitamini, ila hatua zile zilishughulikia yote mawili bila kumwacha bila kinga.

Mambo mawili huzidisha hatari hii na nayataja kwa kuwa yako karibu nasi. Moja ni balungi na juisi yake, ambayo huzuia kimeng'enya kile kile. Kwa anayemeza atovastatini au simvastatini, balungi liwekwe pembeni. Jingine ni klarithromaisini, antibayotiki ya kutibu bakteria wa vidonda vya tumbo, ambayo hutolewa sana kwa watu wanaojiandaa na upasuaji au waliopata kidonda baada yake. Huzuia CYP3A4 vikali. Ukiandikiwa, mwambie daktari au mfamasia kwamba unameza statini. Simvastatini husimamishwa kabisa kwa siku hizo za dozi, na atovastatini husimamishwa au hupunguzwa.

Rosuvastatini haitegemei geti hilo, na kwa sababu hiyo madaktari wengine huipendelea baada ya baipasi. Lakini ina adui wake. Dawa za kiungulia zenye aluminiamu na magnesiamu, za maji au za kutafuna, huikamata tumboni na kupunguza karibu nusu ya inayoingia. Kama unazitumia zote, meza rosuvastatini kwanza, na dawa ya kiungulia isubiri kwa muda wa saa 2. Omeprazoli haina shida hiyo.

Hatua ya tano: pima mwezi wa 3, wa 6 na wa 12

Usipime wiki ya nne ukafanya uamuzi. Wakati huo unachoma mafuta yako mwenyewe kwa kasi, kolesteroli iliyokuwa imehifadhiwa humo inatoka, na namba zinayumba. Pima mwezi wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka. Pima kwenye maabara ile ile ukiweza, na kwa namna ile ile: kama mara ya kwanza ulifunga kwa muda wa saa 10 hadi 12 bila kula, funga tena. Maji yanaruhusiwa, na baada ya upasuaji usiyaache. Kama bado unatumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoweza kushusha sukari, uliza kwanza namna ya kufunga salama.

Andika pia uzito wa siku hiyo, na kama umemeza dawa kila siku katika wiki nne zilizopita. Karatasi ya maabara haijui kama uliruka dozi kumi.

Ya Mwalimu yalikwenda hivi. Mwezi wa 3 alikuwa na kilo 103, trigliseridi 1.9, HDL bado 0.9, LDL 2.1. Mwezi wa 6 trigliseridi zilifika 1.3 na HDL ikaanza kupanda, 1.1. Mwezi wa 12 alikuwa kilo 84, kolesteroli yote 3.6, HDL 1.3, trigliseridi 1.1, na LDL 1.8. Yote haya kwa atovastatini ya miligramu 10, nusu ya dozi ya zamani, na bila fenofibrati.

Baada ya majibu hayo ya mwezi wa 12, akaviacha.

Hatua ya sita: kabla ya kuacha, jiulize ulikuwa unavimeza kwa sababu gani

Statini haitolewi kwa sababu ya uzito. Hutolewa kwa sababu ya hatari ya mishipa kuziba, na hatari hiyo ina sababu nyingi ambazo mizani haizioni.

Kama umewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi, au kuwekewa kistenti, hupaswi kuacha hata kama LDL imekuwa nzuri sana. Uzuri huo ndio kazi yake. Vivyo hivyo wenye kolesteroli ya kurithi, wale ambao LDL ilikuwa 5 na zaidi tangu ujana na baba au mjomba alianguka kwa moyo mapema. Kwao tatizo liko kwenye ini, ambalo halijui kuiondoa LDL kwenye damu, na hakuna upasuaji wa tumbo unaolifundisha.

Wenye kisukari, hata kama sukari imerudi kawaida, mishipa yao imekaa miaka kwenye sukari. Wengi huendelea na statini. Mwongozo wa pamoja wa vyama vya Marekani vinavyohusika na upasuaji huu, wa mwaka 2019, unasema wazi kwamba dawa za kushusha mafuta zisiachwe isipokuwa kuna sababu dhahiri, kwa kuwa kupungua uzito hakutibu mafuta ya damu kwa kila mtu wala kikamilifu.

Anayebaki ni mtu aliyeanzishiwa dawa kwa kinga tu, hana kisukari, havuti sigara, presha imetulia. Huyo anaweza kujadili kuacha, lakini baada ya mwaka, uzito ukishatulia, na kwa utaratibu: anaacha kwa makubaliano, anapima baada ya wiki 8 hadi 12, na wanaamua kwa namba.

Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa kuna jambo la ziada. Uzito ukipungua, mayai yaliyokuwa yamelala huamka, na mimba hushika haraka kuliko alivyozoea. Statini kwa kawaida husimamishwa mtu akipanga mimba au akigundua anayo, na vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki vya kutosha baada ya baipasi. Zungumzeni mapema njia isiyopita tumboni, kama kitanzi au kipandikizi.

Mwalimu hakufuata utaratibu wa kuacha, lakini bila kukusudia alitupa jaribio zuri. Nilimwomba apime siku ile ile, kabla ya kurudia chochote. Miezi mitatu bila dawa, uzito ule ule, majibu yalikuwa kolesteroli yote 4.7, HDL 1.3, trigliseridi 1.2. Kokotoa: LDL 2.9.

Sasa soma namba tatu kwa mstari mmoja. LDL 4.1 zamani, bila dawa wala upasuaji. LDL 2.9 kwa upasuaji peke yake. LDL 1.8 kwa upasuaji na kidonge. Baipasi ilishusha karibu asilimia 29, na kidonge kidogo cha miligramu 10 kilishusha asilimia 38 ya kilichobaki. Kwa mtu mwenye kisukari na presha, lengo ni chini ya 1.8. Nilimwonyesha karatasi tatu zimepangwa mezani. Akazitazama muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe trigliseridi ndizo zilizopona. Hii nyingine bado inanisubiri." Ualimu wake ulikuwa palepale.

Hatua ya saba: kama unashuku kidonge hakifyonzwi

Jaribio la Mwalimu linajibu pia swali hili. Hakuna hospitali ya kawaida inayopima kiwango cha statini kwenye damu, na huhitaji. LDL yenyewe ndiyo kipimo. Kidonge kilichoshusha LDL yako kwa asilimia 38 kimefyonzwa, hata kama utumbo wako umefupishwa.

Na kuna habari ya kutuliza. Statini zina tabia ya ajabu: ukiongeza dozi maradufu, LDL hushuka kwa takriban asilimia 6 tu zaidi. Igeuze upande wa pili. Hata kama utumbo wako unapoteza nusu ya dawa, unachopoteza kwenye LDL ni karibu asilimia 6 hizo hizo. Kwa hiyo LDL ikipanda ghafla kutoka 1.8 hadi 2.8, usianze kulaumu ufyonzaji. Kupanda kwa namna hiyo karibu kila mara kuna maana kwamba kidonge hakimezwi.

Fuata mpangilio huu. Kwanza hesabu vidonge vilivyobaki kwenye pakiti na tarehe uliyoichukua. Pili angalia saa: je, rosuvastatini inamezwa pamoja na dawa ya kiungulia? Je, unatumia kolestiramini, ambayo hukamata dawa nyingine tumboni na vitamini A, D, E na K pia? Tatu pima tezi, kwa kuwa tezi ikilala LDL hupanda. Nne, kama kuna kutapika au kuharisha kwa muda mrefu, hilo litibiwe kwanza. Baada ya hayo ndipo dozi iongezwe au statini ibadilishwe, na upime tena baada ya wiki 8.

Daktari akiongeza ezetimibi, fahamu kwamba dawa hii hufanya kazi kwenye ukuta wa utumbo wenyewe, ikifunga mlango ambao kolesteroli huingilia. Baada ya baipasi sehemu ya milango hiyo imerukwa tayari, kwa hiyo ipe wiki 8, pima, na kama haijasogeza kitu usiendelee kuilipia. Ziko pia sindano, kama evolokumabu na inklisirani, ambazo hazipiti tumboni kabisa. Bei yake kwetu inawafungia nje wengi, lakini kwa mwenye kolesteroli ya kurithi ni vema ajue zipo na aulize.

Upande wa pili, LDL ikishuka mno huku choo ni laini, cha mafuta na kinachoelea, na uzito unaendelea kudondoka, usishangilie. Huenda mwili haufyonzi chakula. Omba kipimo cha albumini na damu.

Na trigliseridi zikianza kupanda mwaka wa pili au wa tatu, LDL ikiwa imetulia, tazama kikombe kabla ya sahani. Soda, juisi za sukari, chai yenye vijiko vitatu na pombe hupita kwa urahisi kwenye kifuko kidogo kisichopokea ugali. Pombe baada ya baipasi huingia kwenye damu haraka kuliko zamani. Mara nyingi trigliseridi hupanda kabla mizani haijasema kitu, kwa hiyo ndizo zinazokuonya mapema zaidi.

Mwalimu alirudia atovastatini, safari hii miligramu 20, kwa kuwa mwaka wa pili ini lake linaivunja haraka kuliko zile wiki za mwanzo, na vitamini D yake sasa iko sawa. Baada ya wiki nane LDL ilikuwa 1.6 na mapaja hayaumi. Pakiti ameiweka jikoni kando ya kopo la chumvi, na kila mwezi akija dirishani hunyoosha ile bahasha kwanza, ndipo anasalimia.